Uzi: Nimetoka warsha ya korosho, karatasi langu limejaa matawi kama mti. Nalinyooshaje liwe ripoti inayosomeka?

#1 Katibu Kijana

Wakuu salaam. Wiki iliyopita nilikuwa Mtwara mjini siku mbili kwenye warsha ya ubora wa korosho, nimetumwa na kikundi chetu huku Tandahimba. Badala ya kuandika mistari nikachora ramani ya mawazo kwenye karatasi la A3. Katikati niliandika KOROSHO SAFI, pembeni matawi sita, kila tawi na vitawi vyake. Nimehesabu maneno yote yaliyoning'inia humo, yako 47. Siku ile nilijiona mjanja kweli, wenzangu wanahangaika na madaftari mimi nachora.

Jana usiku nimekaa kuandika ripoti. Nikaanza na tawi la juu kulia, nikazunguka kama mshale wa saa unavyokwenda. Nikapata hivi: Ghala, Mnada, Salfa, Madaraja, Kusafisha shamba, Kangomba. Nikamsomea mama watoto. Akaniuliza, "Kwa hiyo korosho zinauzwa kwanza, ndiyo zinapuliziwa dawa?" Nikafunga daftari.

Ijumaa nasimama mbele ya wanachama, na nimeambiwa kurasa zisizidi tatu. Wazoefu mnafanyaje?

#2 Mla Ming'oko

Pole sana kwa mawazo ndugu yangu. Usikae nayo peke yako mpaka uyachoree ramani, tafuta mtu uongee naye.

#3 Mgeni Jirani

Kama ni ramani ya shamba, usihangaike kuichora upya mwenyewe. Nenda ofisi ya ardhi ya wilaya na namba ya kiwanja, watakupa utaratibu. Mimi ya kwangu ilichukua miezi minne.

#4 Mla Ming'oko

#3 hahaha, basi huyu mwenzetu kiwanja chake kina mipaka sita na katikati kuna korosho.

#5 Babu Salfa

Vijana acheni utani, mtu ana Ijumaa. Mimi ni bwana shamba mstaafu, nimepanda pikipiki vijiji vya huko kwenu miaka mingi. Jibu ni rahisi: fuata msimu. Korosho ina kalenda yake, haihitaji elimu ya kupanga. Mvua zikipungua unasafisha shamba na kupogolea. Mwezi wa 6 majani machanga na maua yakianza kutoka, ubwiriunga unaingia, unapuliza salfa. Mwezi wa 9 au 10 unaanza kuokota, unakausha, unachambua madaraja, unapeleka AMCOS, zinaenda ghala kuu, mnada. Imeisha hiyo. Panga matawi yako hivyo ulale.

#6 Kebo Fupi

Au usipange kabisa. Pakua Freeplane, ni ya bure, ingiza ramani yako humo. Ukibofya neno la katikati ukakopi, ukaenda kubandika kwenye Notepad au Word, inatoka yenyewe ikiwa mistari iliyoingia ndani kwa ngazi. Kompyuta inakupangia. Niko Lindi mjini, ukikwama niambie.

#7 Mama Taipu

Shikamoo Babu Salfa. Kebo Fupi mwanangu, hapo umesema nusu. Freeplane inatoa mistari kwa ngazi, ni kweli, lakini haipangi. Inatoa matawi kwa mfuatano uleule uliomo kwenye ramani. Akiingiza Ghala kwanza, itatoka Ghala kwanza. Atapata kosa lilelile, safari hii limepigwa chapa.

Nimekuwa mwandishi mwendesha ofisi miaka 26, na kila warsha walikuwa wananiletea makaratasi ya ukutani yamekunjwa wanasema "Mama, fanya ripoti". Katibu, nijibu kwanza: kwa nini Ghala liko juu kulia?

#8 Katibu Kijana

Shikamoo Mama. Mwezeshaji wa ghala alikuwa na safari ya Masasi mchana, wakamtanguliza asubuhi. Na yeye ndiye alieleza mnada. Kangomba iko mwisho kwa sababu ilizuka siku ya pili jioni, mzee mmoja alisimama akalalamika.

#9 Mama Taipu

Umeona? Mpangilio wako ni ratiba ya safari ya mtu. Ndiyo maana mkeo amekukamata.

Sasa fanya hivi. Usiguse mpangilio bado. Chukua karatasi nyingine, kila neno lipe mstari wake na namba, 1 mpaka 47. Halafu kila neno ligeuze liwe sentensi kamili. Hapo ndipo kazi yote ilipo. Neno "unyevu" kwenye ramani linakukumbusha wewe uliyekuwepo. Mwanachama ambaye hakuwepo haambiwi kitu. Unyevu gani, wa nini, nani apime, usizidi ngapi? Ukishindwa kuandika sentensi, ujue hukuelewa siku ile, mpigie mwezeshaji kabla ya Ijumaa.

Tuwekee hapa maneno ya tawi moja tu tulione.

#10 Mwalimu Chuno

Samahani Mama Taipu, sikubaliani. Neno mojamoja ndiyo nguvu ya ramani ya mawazo. Tony Buzan, Mwingereza aliyeieneza njia hii miaka ya 1970, alisisitiza neno moja kwa kila mstari, ili akili iunganishe yenyewe. Mimi nafundisha wanafunzi wangu hivyo na wanafaulu. Tatizo la Katibu ni kwamba matawi yake hayako ngazi moja. "Salfa" ni kitu, "Kusafisha shamba" ni kazi, "Kangomba" ni tabia ya watu, "Ghala" ni mahali. Vitu vya aina nne huwezi kuviweka kwenye foleni moja, hata ukivipanga kwa msimu.

#11 Mama Taipu

Mwalimu, mwanafunzi wako ramani anaichora yeye na mtihani anaufanya yeye. Ripoti inasomwa na mwingine. Ila hilo la foleni moja umenena, nalichukua.

#12 Katibu Kijana

Asanteni. Tawi la Salfa liko hivi, nimenakili kama lilivyo:

Salfa: ubwiriunga / majani machanga / robo / 14 / 21 / mashine / asubuhi / maji

Halafu kuna "mifuko 2, miti 40" imeandikwa pembeni kabisa ya karatasi, haina mstari wa kuiunganisha na chochote. Nadhani ni bei au mavuno, sikumbuki.

#13 Mla Ming'oko

Mifuko miwili miti arobaini. Kama ni mavuno, mzee hama shamba.

#14 Babu Salfa

Hebu. Robo ni robo kilo ya salfa ya unga kwa mti mmoja kwa mzunguko mmoja. 14 ni siku za kungoja kabla ya kurudia. Asubuhi ni kwa sababu upepo umetulia na umande bado upo, unga unashika.

21 si ya salfa! Hiyo ni ya dawa za maji, zenyewe hukaa muda mrefu zaidi kabla ya kurudia. Ukiandika "salfa siku 14 mpaka 21" umewaharibia watu msimu, maana atakayesubiri siku 21 na unga atakuta maua yameshakuwa meusi.

#15 Katibu Kijana

Babu umeniokoa. Rasimu ya jana niliandika hivyohivyo, "kila baada ya siku 14–21".

#16 Mama Taipu

Ndiyo faida ya sentensi. Kwenye ramani 14 na 21 zimekaa jirani kama ndugu, zote zinaning'inia kwenye Salfa, hakuna anayeshtuka. Ukilazimika kuandika "Salfa ya unga irudiwe baada ya siku…" lazima uchague. Na neno "maji" lililokuwa mwisho wa tawi, nadhani lilikuwa linataka tawi lake na 21 ni mtoto wake.

Babu, hiyo mifuko miwili nayo tuisaidie. Mfuko wa salfa una kilo ngapi?

#17 Babu Salfa

Kilo 25.

#18 Mama Taipu

Basi mifuko miwili kilo 50. Miti 40 kwa robo kilo ni kilo 10 kwa mzunguko. Kilo 50 ni mizunguko mitano.

#19 Babu Salfa

Mizunguko mitano ndiyo iliyokuwa ikielekezwa enzi zetu! Mama, ulipaswa kuwa bwana shamba. Lakini andikeni kwamba idadi ya mizunguko hutegemea mwaka na ugonjwa ulivyo, mtu akague maua yake na amuulize ofisa kilimo wake, asinunue tu kwa hesabu.

#20 Katibu Kijana

Aisee! Sasa nimekumbuka, mwezeshaji alisema ni mfano wa kupanga fedha za pembejeo. Nilikuwa nimeshaifuta kwenye rasimu kwa sababu haikuwa na tawi.

#21 Binti Mwani

Habari za humu. Mimi niko Kilwa, yaliyonikuta yanafanana ila yangu yalikuwa mishale. Tulikuwa na warsha ya kilimo cha mwani, nikachora ramani kwenye Freeplane kabisa, si karatasi. Kulikuwa na tawi la "Matatizo" lenye kitawi "maji moto", na tawi la "Mbinu" lenye kitawi "kina kirefu". Nikaviunganisha kwa mshale mwekundu, maana mwani aina ya kotonii ukiwa kwenye maji mafupi yakipata joto unaoza na kukatika, kwa hiyo dawa ni kuupeleka kina kirefu. Nikakopi na kubandika kama #6 anavyosema. Mistari ikatoka safi sana, mishale yote ikapotea. Ripoti ikasema ukurasa wa kwanza maji yana joto, ukurasa wa nne wakulima wahamie kina kirefu. Akina mama wakauliza, tuhame kwa nini, hatujui kuogelea na boti hatuna. Sababu ilikuwa kurasa tatu nyuma.

#22 Kebo Fupi

Kweli, mishale haikopiki kama maandishi. Nakubali kosa. Ila unaweza kuhesabu mishale kabla ya kukopi.

#23 Mama Taipu

Hesabu, ndiyo. Mshale ni sentensi yenye "kwa sababu" au "kwa hiyo" ndani yake. Kila mshale uandike kama sentensi, uupe namba yake kwenye ile orodha kama vile ni neno. Halafu uamue makao yake ni wapi. Kwenye karatasi kitu kimoja kinaweza kugusa matawi matatu. Kwenye orodha yenye namba kinakaa mahali pamoja tu, kwingine unaandika "tazama 3.2" basi. Ukikirudia kote, msomaji atadhani ni mambo mawili, na siku ukirekebisha sehemu moja nyingine inabaki na kosa.

Katibu, una mishale mingapi?

#24 Katibu Kijana

Mitatu. Mmoja unatoka "unyevu 10" (Ghala) kwenda "kuanika" (Madaraja). Wa pili kutoka Kangomba kwenda Mnada. Wa tatu sijui unaenda wapi, nadhani kalamu iliteleza.

#25 Babu Salfa

Unyevu uweke kwenye kuanika. Ghalani wanapima tu, wa kuuondoa ni mkulima, kwa jua la siku mbili tatu kwenye mkeka au turubai. Zikikauka ukizitikisa mkononi zinagongana kama kokoto. Akifika ghalani zimezidi asilimia 10 tayari amechelewa, watamrudishia gunia.

#26 Mwalimu Chuno

Hapo sasa kuna kanuni nzuri: jambo likae pale mtu anapoweza kulifanyia kitu, si pale linapoonekana.

#27 Mla Ming'oko

Mwalimu leo umeongea bila kumtaja Mwingereza.

#28 Katibu Kijana

Wakuu, nimefanya kazi usiku kucha umeme ulivyorudi. Maneno 47 nimeyaandika kwenye vipande vya karatasi, nikavitandaza kwenye mkeka, mtoto kakimbia navyo viwili nikavirudisha. Matokeo: 31 yameingia kwenye ripoti, 5 yalikuwa marudio nikayaunganisha, 6 ni maswali ambayo hayakujibiwa warshani, 5 ni kazi tulizopewa (nani amwone nani). Jumla 47, hakuna kilichopotea. Ile mishale miwili inayoeleweka nimeiandika sentensi pembeni.

Maswali na kazi nimeyatoa kwenye mwili wa ripoti nikayaweka ukurasa wa mwisho. Nimekosea?

#29 Mama Taipu

Hujakosea hata kidogo. Swali lisilojibiwa likikaa katikati ya maelekezo, msomaji analichukua kama elekezo. Niliwahi kuandika "kupuliza usiku?" katikati ya ripoti, alama ya kuuliza ikafutika kwenye fotokopi. Wacha niishie hapo.

Sasa vichwa. Na ukiona kichwa kina 2.1 peke yake bila 2.2, kirudishe juu kiungane na mzazi wake. Mtoto mmoja hahitaji chumba.

#30 Katibu Kijana

Nimefuata msimu wa Babu, ila kila kichwa nimekigeuza kazi kama Mwalimu alivyodokeza:

1. Kusafisha shamba na kupogolea
2. Kupuliza dawa ya ubwiriunga
2.1 Salfa ya unga, kila baada ya siku 14
2.2 Dawa za maji, kila baada ya siku 21
2.3 Kupanga fedha za dawa: mfano wa miti 40
3. Kuokota na kuanika
4. Kuchambua madaraja
5. Kupeleka ghalani
6. Kuuza mnadani
7. Kukwepa kangomba

#31 Babu Salfa

Safi. Ila kangomba kuwa ya 7 sikubali. Kangomba humpata mtu kabla ya mavuno, ada za shule zinadaiwa na chakula kimeisha, anachukua fedha kidogo kwa ahadi ya korosho ambazo bado ziko mtini. Mnada ukifika hana cha kuuza. Ukifuata msimu kwelikweli, iko kabla ya 3.

#32 Mwalimu Chuno

Lakini atakayesoma hawezi kuelewa hasara ya kangomba kama hajui mnada unafanyaje kazi na stakabadhi ghalani ni nini. Kinachotangulia kwa wakati si lazima kitangulie kwa kueleweka. Mshale wake wa pili si ulikuwa unaunganisha Kangomba na Mnada? Viache pamoja.

#33 Babu Salfa

Mwalimu, hakuna mkulima wa Tandahimba asiyejua mnada. Stakabadhi ghalani kwenye korosho ilianza 2007, watoto waliozaliwa mwaka ule sasa wanapiga kura.

#34 Binti Mwani

Mimi nina swali tofauti. Ijumaa unawasomea mwezi gani? Kama ni sasa hivi na watu wako kwenye kupuliza, kwa nini uanze na kusafisha shamba ambako kumeshapita? Mimi ningeanza na namba 2, kisha 3 mpaka mwisho, kusafisha kuje nyuma kama maandalizi ya mwaka kesho. Sisi ripoti ya pili ya mwani tulianza na kazi ya wiki ile, watu wakasikiliza.

#35 Mama Taipu

Hilo sikuliwaza. Ila Binti, ripoti itawekwa kwenye faili, mwakani mtu ataifungua mwezi wa 3. Mimi ningeacha msimu, halafu Ijumaa asimame aanze kusoma kifungu cha 2. Karatasi na mdomo si lazima viende sawa.

#36 Karani wa Chama

Nimepita tu. Nyote mnapotosha. Ripoti ya warsha ni kumbukumbu, inatakiwa ifuate mfuatano wa mazungumzo: nani alianza, akafuata nani. Mkaguzi akija akakuta mmepanga upya, atauliza mlipata wapi. Mimi muhtasari wa kikao siwezi kuugeuzageuza.

#37 Katibu Kijana

Hapo nimechanganyikiwa. Nilichoombwa ni "mrejesho". Hiyo ni muhtasari au ni maelekezo?

#38 Karani wa Chama

Muhtasari.

#39 Mama Taipu

Maelekezo. Muhtasari wa warsha wanao waandaaji wenyewe, na majina ya wahudhuriaji na saini za posho. Kikundi kimekutuma ulete cha kufanyia kazi.

#40 Karani wa Chama

Muulize mwenyekiti wako, usiulize humu. Mimi nimeshaona mtu anatolewa ukatibu kwa hilo.

#41 Kebo Fupi

Katibu, ukiwa unapiga kwenye Word, vichwa vipe mtindo wa Heading 1 na Heading 2, halafu nenda View uchague Outline. Hapo kifungu kizima unakihamisha na watoto wake kwa Alt+Shift+mshale wa juu au wa chini, ilimradi umekikunja kwanza. Namba zikiwa za orodha ya Word zinajirekebisha zenyewe. Kwa hiyo wakibishana kangomba iwe ya 3 au ya 7, unawahamishia wakiwa wanaangalia. Kilichobaki ni zile "tazama 3.2" ulizoandika kwa mkono, hizo hazijirekebishi, zikague moja moja.

#42 Katibu Kijana

Asante Kebo, hiyo nimeijaribu imekubali. Nimempigia mwenyekiti. Kasema, "Leta chochote kinachosomeka, ila kangomba iwe mwanzo kabisa, wapo watu kwenye kikao nataka waisikie wakiwa macho."

#43 Mla Ming'oko

Mwenyekiti naye ana ramani yake ya mawazo.

#44 Mwalimu Chuno

Huo si mpangilio wa kimantiki, huo ni ugomvi.

#45 Babu Salfa

Lakini mnaona, imekuja kabla ya 3 kama nilivyosema.

#46 Mgeni Jirani

Nimerudi. Kumbe si kiwanja. Sasa na mimi nina makaratasi ya warsha ya ufugaji nyuki, mduara katikati na miguu kama pweza, ni ya mwaka juzi. Vitu vingine sisomi mwandiko wangu. Nianzie wapi?

#47 Mama Taipu

Hesabu kwanza yako mangapi. Usiyoyasoma yape namba pia, uandike "halisomeki". Usiyatupe, huenda ndiyo mifuko yako miwili.

#48 Mla Ming'oko

Katibu, kwenye yale 47 hamkuandika mahali mabibo yanakwenda wapi? Maana korosho zimefika mnadani, salfa imeisha, na uraka haujatajwa hata na mmoja.

#49 Katibu Kijana

Umo kwenye yale maswali 6 yasiyojibiwa. Namba 44, nimeandika "mabibo??". Mwezeshaji alicheka akasema tutaongea chai.

#50 Babu Salfa

Na chai mkaongea nini?